Shajara ya mradi: kutafuta mwaka aliozaliwa Hamed bin Muhammed

Wiki ya 1

Nilidhani hii ingekuwa kazi ya jioni mbili. Tunaandaa kijitabu cha kurasa chache kuhusu wafanyabiashara wa misafara ya bara, na mimi nimepewa ukurasa wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip. Katika jedwali langu kila mtu ana safu ya kuzaliwa, ya kufa, ya wazazi na ya safari. Nikaanza na kuzaliwa. Kitabu cha kwanza kikaniambia 1837, cha pili 1832, cha tatu kikasema "takriban 1840", na hakuna hata kimoja kilichoeleza mwaka huo kimeupata wapi.

Nimevifunga vyote vitatu. Nitaanza na maneno yake mwenyewe, kisha nitafute nani mwingine alimwona, wapi na lini.

Maneno yake tunayo, kwa bahati. Uzeeni, akiwa Unguja, Hamed alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha kwa herufi za Kirumi mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley akayatoa upya hapa Afrika Mashariki, 1958 na 1959, aya zikiwa zimepewa namba. Namba hizo ndizo zinazonifaa zaidi: kila ninachoandika kwenye jedwali nakipa namba ya aya, ili mwenzangu akibisha aende mwenyewe akasome.

Kilichonishtua tangu kurasa za mwanzo ni uhaba wa tarehe. Mzee anakumbuka majina ya watu, bei, idadi ya bunduki, nani alimkopesha na nani alimkatalia. Mwaka wa kuzaliwa hautaji. Anaanza kujihesabu anapofika miaka 12, alipoanza safari za karibu kubeba sandarusi, na anatupa umri tena anapofika miaka 18, alipokwenda bara na baba yake. Baada ya hapo umri unapotea.

Wiki ya 2

Kabla ya miaka, watu. Nimetumia siku nne kwenye nasaba na sijutii.

Tatizo ni maneno yetu wenyewe. Msimulizi wa Kiswahili akisema "ndugu yangu", anaweza kuwa na maana ya wa tumbo moja, wa baba mmoja, mtoto wa mama mdogo, au mtu wa ukoo tu. "Baba" naye anaweza kuwa baba mkubwa. Ukiliingiza neno "ndugu" kwenye jedwali kama kaka wa baba na mama mmoja, umeshabuni jamaa ambaye hakuwepo.

Chukua Muhammed bin Masud, anayemwita ndugu yake na ambaye walisafiri pamoja tangu ujanani. Baba wa Hamed ni Muhammed bin Juma. Baba wa huyu ni Masud. Kwa hiyo wa baba mmoja hawawezi kuwa. Sasa tazama nisba: huyu ni el Wardi, na Hamed ni el Murjebi. Kisha tazama wajomba ambao Hamed anawataja kwenye safari zilezile za sandarusi: Bushir bin Habib na Abdallah bin Habib, nao ni el Wardi. Mama yake Hamed ni binti Habib bin Bushir. Ukiyapanga hayo, njia inanyooka: Muhammed bin Masud anaingilia upande wa mama, na wanaosema ni ndugu wa mama mmoja wana msingi. Kwenye jedwali nimeandika "ndugu, upande wa mama", na pembeni nikaweka sababu. Mtu atakayekuja na hati bora zaidi ataona hasa ni wapi pa kunirekebisha.

Upande wa baba, yupo babu Juma bin Rajab, naye mtu wa misafara. Jina hili la babu lilinisaidia baadaye mahali ambapo sikutarajia.

Baba mwenyewe, Muhammed bin Juma, alikuwa mkubwa kule Unyanyembe, na miongoni mwa wake zake alikuwa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Nimepigia mstari jina la Fundikira. Mtu mwenye jina lake ndani ya simulizi, na ambaye wageni wengine pia walimwandika, ni kigingi cha kufungia kamba.

Wiki ya 3

Nimegundua kosa langu, na limenigharimu kurasa sita za daftari.

Nilikuwa nahesabu muda kwa kufuata vitenzi. Simulizi imejaa "-ka-": nikaenda, nikakaa, nikauza, nikarudi. Nikawa nachukulia kwamba jambo linalofuata kwenye sentensi lilifuata na kwenye kalenda, mwezi huohuo au msimu huohuo. Sivyo. Kiambishi hiki kinatupa utaratibu wa mambo, hakitupi urefu wake. "Tukafika Tabora, tukakaa, tukatoka" inaweza kuwa siku kumi au mwaka mzima wa kungoja wapagazi wamalize kulima. Msimulizi hadanganyi hapo. Msikilizaji wa wakati wake alijua safari ina mwendo gani na mvua inafunga njia miezi gani, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa.

Sasa nimebadili utaratibu. Kila tukio lina safu mbili za mwaka badala ya moja: halikuweza kutokea kabla ya lini, na halikuweza kutokea baada ya lini. Safu hizo zikiwa tupu, ziko tupu. Palipo na namba halisi ya miaka au miezi kwenye maandishi, naiingiza. Palipo na "-ka-" peke yake, naandika "baada ya tukio lililotangulia", basi.

Rafiki yangu aliyepitia daftari alicheka. "Kaka, kwa utaratibu huu utamaliza jedwali likiwa na mapengo kuliko maandishi." Nikamwambia ndivyo lilivyo kweli, ila zamani tulikuwa tunayaziba.

Wiki ya 4

Kigingi cha kwanza kimekamata, na ni kizuri.

Katika simulizi yake, kisa kikubwa cha ujana ni vita na Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika. Nsama alikuwa na sifa ya kuwashinda wafanyabiashara wa pwani na kuwanyang'anya. Hamed aliingia kwake na watu wachache, akapigwa mishale, lakini bunduki zikashinda, mji ukatekwa, na pembe zikachukuliwa kwa wingi. Ni kisa anachokisimulia kwa raha ya mtu mzima anayekumbuka bahati yake. Mwaka hautaji.

Lakini David Livingstone alikuwa jirani. Tarehe 20 Mei 1867 alifika kijiji cha Chitimba, akakuta Waarabu wamekusanyika, na habari kubwa ni kwamba wamepigana na Nsama na njia imefungwa. Akakwama hapo miezi mitatu na siku kumi, akingoja amani. Katikati ya kungoja huko, tarehe 29 Julai 1867, alitembea saa mbili na nusu kwenda kijiji cha Ponda, na kwenye shajara yake akaandika kwamba hapo anakaa Mwarabu mkubwa ambaye wenyeji wanamwita Tipo Tipo, na jina lake ni Hamid bin Mahamed bin Juma Borajib.

Nilisoma mstari huo mara tano. Hapo ndipo babu aliponisaidia. "Hamid" peke yake haitoshi, Hamed walikuwa wengi. Lakini Hamed, mwana wa Muhammed, mwana wa Juma, na hilo "Borajib" la mwisho ambalo masikio ya mgeni yamelipinda, vikikaa pamoja na jina la utani na mahali palepale, ni yeye. Livingstone anaendelea: alimpa mbuzi, kipande cha kitambaa cheupe, mafungu manne makubwa ya shanga na mfuko wa mtama, akaomba radhi kwamba ni kidogo kwa kuwa amepoteza mali nyingi kwa Nsama. Alikuwa na majeraha mawili ya mishale. Walikuwa na bunduki 20 tu wakati ule.

Angalia uzito wa ushahidi huu. Hamed alisimulia uzeeni, zaidi ya miaka 30 baadaye. Livingstone aliandika miezi michache baada ya vita, akiwa amekaa na mtu mwenye majeraha. Hawakunakiliana. Na wanakutana kwenye adui, mahali, mishale, uchache wa bunduki na ushindi. Sasa naweza kuandika: vita na Nsama vilipiganwa kabla ya tarehe 20 Mei 1867. Kabla kwa kiasi gani, shajara haisemi, lakini vita vilikuwa bado habari mpya, njia bado imefungwa, na amani bado haijafanywa. Nimeweka kati ya mwisho wa 1866 na Mei 1867, na nimeandika kwamba mwisho wa juu ni imara, wa chini ni makisio yangu.

Kuna la kuchekesha hapo. Kwa Livingstone, Hamed analalamika kwamba amepata hasara. Katika simulizi, ameondoka na pembe frasila 1,950 na shaba frasila 700. Hasara gani hiyo? Nadhani wote wawili ni wakweli kwa namna yao. Mfanyabiashara anayempa mgeni zawadi huomba radhi kwa uchache wake, ni adabu. Na mfanyabiashara mwenye ghala jipya la pembe, nchi bado haijatulia, hana haja ya kulitangaza.

Wiki ya 4, nyongeza

Sikulala vizuri kwa ajili ya ile 1,950, nikaamua kuipima.

Frasila moja ni kama kilo 16. Kwa hiyo 1,950 mara 16 ni kilo 31,200, yaani tani 31 za pembe. Shaba ni tani 11 nyingine. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Pembe pekee zinahitaji wapagazi 975, shaba 350. Jumla watu 1,325, bila kuhesabu wanaobeba nguo, shanga, chakula na baruti.

Je, inawezekana? Haikatazwi na hesabu. Msafara mkubwa ulikuwa na uwezo wa kupeleka mizigo kwa vipande: watu walewale wanabeba hadi kituo kinachofuata, wanarudi kuchukua iliyobaki. Kwa njia hiyo watu 500 wanamaliza kazi ya 1,325, ila safari inachukua karibu mara tano ya mwendo, kwa kuwa kila hatua wanaipita mara tatu kwenda na mara mbili kurudi. Kwa hiyo namba hii, ikiwa kweli, inatuambia pia kwamba safari ya kurudi pwani haikuwa ya haraka. Ikiwa imekuzwa, basi imekuzwa na mtu aliyejua frasila vizuri kuliko sisi.

Nimeiingiza kama "kwa maneno yake", si kama kipimo. Na nimeongeza jambo moja pembeni: hao wapagazi na mateka waliobeba tani hizo hawana jina hata mmoja katika hesabu hii, wala kwa Hamed wala kwa Livingstone.

Wiki ya 5

Jina la utani. Nilitaka kulipita haraka, lakini lina faida ya tarehe.

Hamed anasema Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake, tip tip, kama watu walivyousikia wakikimbia. Wengine husema ni macho yake yaliyopepesa. Livingstone alisimuliwa jingine: kwamba aliposimama juu ya mali ya Nsama aliikusanya karibu zaidi akasema sasa mimi ni Tipo Tipo, mkusanya mali. Maelezo yote matatu hayawezi kuwa chanzo, na sioni njia ya kuchagua. Lakini si lazima nichague. Ninachohitaji ni kwamba tarehe 29 Julai 1867 jina lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Kwa hiyo maelezo yoyote yanayolileta jina kutoka Kongo ya miaka ya baadaye yanaanguka. Kabla yake, kwa maneno yake mwenyewe, Wazaramo walikuwa wamemwita Kingugwa.

Wiki ya 6

Vigingi vingine, kwa mkato.

Verney Lovett Cameron, msafiri Mwingereza, alimkuta Nyangwe, mji wa Kongo, mwaka 1874. Henry Morton Stanley alimkuta Oktoba 1876, wakatoka Nyangwe pamoja tarehe 5 Novemba, wakaagana mwisho wa Desemba mwaka huohuo. Wote wawili wamo katika simulizi, na kwa mpangilio sahihi. Hilo limenipa imani na kumbukumbu ya mzee: anaposema A kisha B, hadi sasa sijamkamata amegeuza.

Nilijikamata mimi. Nimekuwa nikichanganya Kasongo wawili. Yupo Kasongo mfalme wa Urua ambaye Cameron alimwendea baada ya kuachana na Hamed, na upo mji wa Kasongo uliokuwa makao ya Hamed na watu wake. Kwa siku mbili nzima jedwali langu lilikuwa na Hamed anatawala mahali ambapo alikuwa kilomita mia kadhaa mbali napo. Sasa kila jina la mtu lina alama na kila jina la mahali lina alama yake.

Safari ndefu kuliko zote ameipima mwenyewe: alikaa bara miaka 12 bila kuiona Unguja. Alirudi Novemba 1882, hilo linathibitishwa na wageni waliokuwa njiani wakati ule. Rudisha miaka 12 unapata 1870. Sasa jaribu kwa watawala: kabla ya kuondoka aliitwa na Sayyid Majid, na aliporudi aliyekuwa kwenye kiti ni Sayyid Barghash. Majid alifariki tarehe 7 Oktoba 1870. Inaingia, ila kwa kubana. Ikiwa "miaka 12" ni ya Kiislamu, inapungua miezi minne na kidogo, na inabana zaidi.

Wiki ya 7

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo vitabu vingi vinapoteleza bila kujua.

Mtu wa Unguja wa karne ile alihesabu miaka kwa Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni 32 ya jua. Kwa kijana wa miaka 18 tofauti ni miezi sita na nusu. Kwa mzee ni miaka miwili kamili. Natumia kanuni hii kwenye jedwali, H ikiwa mwaka wa Hijria na M mwaka wa Miladi:

```
M = H * 0.970224 + 621.5774
```

Weka 1253 unapata 1837.27, yaani mwaka huo wa Hijria ulianza mapema Aprili 1837 na kuishia mwishoni mwa Machi 1838. Tuseme mtu alizaliwa 1253. Hamed alifariki Juni 1905, ambayo iko ndani ya 1323. Watu wa nyumbani wangesema, sawasawa kabisa, alikuwa na miaka 70. Mwandishi wa Kizungu akisikia "70" akatoa kwa 1905, anaandika 1835. Hakuna aliyesema uongo, na tayari tumepoteza miaka miwili. Kwa sababu hii sasa sikubali mwaka wowote wa kuzaliwa uliopatikana kwa kutoa umri wa uzeeni, isipokuwa mwandishi aseme ni miaka ya kalenda ipi.

Na tarehe ya kufa ina kioja chake. Wengine wanaandika 13 Juni 1905, wengine 14. Kwetu siku huanza magharibi. Mtu akifa jioni baada ya jua kuzama, kwa nyumba yake ni siku inayofuata, kwa karani wa ofisi bado ni ileile. Sijui kama ndicho kilichotokea, ila kwa tofauti ya siku moja sitamlaumu mwandishi yeyote. Nimeandika "13 au 14".

Wiki ya 8

Kuzaliwa sasa. Nimekusanya kila kinachobana.

Upande wa juu: safari ya miaka 18 pamoja na baba inatangulia vita vya Mnywa Sere, aliyerithi kiti cha Fundikira kisha akakosana na Waarabu wa Unyanyembe. Richard Burton alifika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, na Fundikira alikuwa hai. John Hanning Speke aliporudi 1861 alikuta Mnywa Sere tayari amefukuzwa na vita vinaendelea. Kwa hiyo Hamed alikuwa na miaka 18 kabla ya 1860 hivi. Hakuzaliwa baada ya 1842.

Kati ya miaka 18 na Nsama lazima zienee safari ya Tabora, kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Urua, kurudi pwani, kisha safari zake mwenyewe za kusini kwa mali ya kukopa, kurudi na kulipa, kukopa zaidi, na kutoka tena hadi Itabwa. Hiyo si kazi ya miaka mitano. Ukizaliwa 1842, una miaka 18 mwaka 1860, na Nsama ni 1867 mapema: miaka sita na kitu kwa misafara yote hiyo, mikopo na marejesho yake. Inabana sana. Ukizaliwa 1837, una miaka 12 karibu na 1849, miaka 18 karibu na 1855, na nafasi ya miaka 11 au 12. Inakaa vizuri. Ukizaliwa 1832, una nafasi ya miaka 16 au 17, na hapo kinyume chake kinatokea: kuna miaka mitatu minne ambayo mzee hasemi alikuwa wapi. Mtu anayekumbuka aliyemkatalia mkopo hawezi kusahau miaka minne, ingawa nakubali kwamba "-ka-" ina mdomo mkubwa na inaweza kumeza hata hiyo.

Isitoshe, 12 na 18 zenyewe nazitilia shaka kidogo. Ni umri wa kusimulia: hapa nilikuwa mtoto, hapa nimekuwa mtu mzima. Nazipa mwaka mmoja kila upande.

Safu imejazwa: hakuzaliwa kabla ya 1832, hakuzaliwa baada ya 1841 maana 1842 inabana mno, na panapokaa vizuri zaidi ni kati ya 1835 na 1839.

Mwalimu anayesimamia kijitabu hakupenda. "Bwana, mwanafunzi ataandika nini kwenye mtihani?" Nikamjibu aandike "takriban 1837", neno la kwanza lisifutwe. Akakubali kwa shingo upande.

Wiki ya 9

Nilidhani nimemaliza, ila fedha za Stanley zimenirudisha mezani, na zimenifundisha kutomtukuza shahidi wa nje.

Hamed anasema Stanley alimwahidi riale 7,000 ili amsindikize kutoka Nyangwe. Stanley katika kitabu chake anaandika dola 5,000 kwa vituo 60. Msitu ukawashinda, ndui na njaa vikawapiga, Hamed akataka kurudi, wakapatana upya: vituo 20 zaidi, na hati ya dola 2,600, pamoja na punda wa kupanda, mkufu wa dhahabu, nguo, shanga na bastola. Hamed hadi uzeeni anashikilia kwamba hakutendewa haki.

Mwanzoni mkono wangu ulikuwa tayari umeandika 5,000, kwa sababu tu ilikuwa imechapwa mapema na ina orodha ndefu. Nikaifuta. Kwa Nsama, Livingstone hakuwa na kesi yoyote na Hamed. Hapa Stanley ndiye mdaiwa, na ameandika kitabu cha kuuza. Orodha yake ya zawadi naiamini kuhusu vitu, maana ni rahisi kukumbuka punda. Kiasi cha ahadi ya kwanza ni neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Nimeweka yote mawili kwenye safu moja, kila moja na jina la mwenyewe.

Hata Livingstone mwaminifu anahitaji jicho. Kufikia 1871 alikuwa amekosea kalenda yake kwa siku 21, akaja kuligundua baadaye. Homa na upweke vilimla siku. Kwa 1867 sijaona dalili ya kosa kubwa hivyo, lakini kwenye jedwali tarehe ya 29 Julai sasa ina alama ndogo ya kutikisika kwa siku chache, ambayo haigusi mwaka.

Wiki ya 10

Mkataba wa 24 Februari 1887 ndio rahisi kuliko yote. Uliandikwa Unguja, Stanley na Hamed wakatia saini mbele ya kaimu konseli wa Uingereza, Frederick Holmwood: Hamed awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa pauni 30 kwa mwezi. Karatasi ipo, mashahidi wapo, na siku iliyofuata waliondoka kwa meli ya Madura kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Kongo. Katika dakika kumi nilijaza safu nne. Ndipo nikaona jinsi maisha ya mtu mmoja yalivyogawanyika mara mbili: kabla ya 1867, kila mwaka unautoa kwa kijiko, baada ya 1887, makonseli wanakumwagia hadi unachoka.

Leo nimemkabidhi mwalimu ukurasa. Safu ya kuzaliwa inasomeka "takriban 1837 (kati ya 1832 na 1841)". Amerudisha na alama moja nyekundu tu: chini ya neno "ndugu" la Muhammed bin Masud ameandika, "wa upande gani?" Sababu ilikuwa pembeni mwa jedwali. Sikuihamishia kwenye ukurasa. Kesho nitaihamisha.